Kipimo cha pumzi na cha choo kwa bakteria wa tumbo: namna ya kujiandaa ili majibu yasikudanganye

Jibu la "hasi" likitoka kwa mtu ambaye bado anameza omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, halimwambii kwamba bakteria ameondoka. Linamwambia tu kwamba siku ile hakuonekana. Tofauti hiyo huwaponza wagonjwa wengi, hasa waliomaliza dozi ya kumuua Helikobakta pailori, bakteria anayesababisha vidonda vya tumbo, wakarudi kuhakikisha kama wamepona. Wanapewa karatasi yenye habari njema, wanakwenda nyumbani, na miezi michache baadaye kidonda kinauma upya. Hudhani wameambukizwa tena, kumbe bakteria ni yuleyule wa mwanzo ambaye hakuwahi kutoka.

Mwongozo huu unamlenga mtu wa namna hiyo: ametibiwa, anataka kujua kama amepona, na ana vidonge vya kupunguza asidi kabatini. Anayepima kwa mara ya kwanza naye hujiandaa vivyo hivyo, ila yeye hana haja ya kuhesabu siku tangu matibabu yaishe.

Vipimo hivi vinatafuta nini

Pailori huishi ndani ya ute unaofunika ukuta wa tumbo, mahali penye asidi kali ambapo bakteria wengi hufa. Hujilinda kwa kimeng'enya kiitwacho yureasi. Kimeng'enya hicho huvunja yurea, ambayo ipo mwilini siku zote, na kutoa amonia pamoja na kabonidioksaidi. Amonia huipoza asidi inayomzunguka bakteria, naye akaendelea kuishi.

Kipimo cha pumzi hutumia tabia hiyohiyo kumnasa. Unapewa yurea ambayo kaboni yake imewekewa alama. Kama bakteria yupo, yurea huvunjwa, kabonidioksaidi yenye alama huingia kwenye damu, hufika kwenye mapafu, nawe huipumua nje ndani ya dakika chache. Kama hayupo, yurea hufyonzwa ikiwa nzima na kutoka kwenye mkojo.

Kipimo cha choo hakijali bakteria anafanya kazi gani. Chenyewe hutafuta antijeni, yaani vipande vya protini za pailori vinavyosafiri na chakula hadi kwenye choo. Vikiwa vingi vya kutosha, kipimo huvishika.

Vyote viwili vikifanywa sawasawa ni vya kuaminika sana, na vyote huonyesha maambukizi yaliyopo sasa. Kipimo cha damu kinachotafuta kingamwili hakifanyi hivyo. Kingamwili hubaki kwenye damu kwa miezi mingi, hata miaka, baada ya bakteria kufa. Kwa hiyo ukishatibiwa, usikubali kipimo cha damu kiwe ndicho cha kuthibitisha kupona. Kinaweza kukuambia "chanya" ilhali umepona kabisa, ukalishwa antibayotiki zisizohitajika.

Kwa nini dawa za asidi huharibu majibu

Dawa zinazoongoza kwa kuharibu ni zile zinazofunga pampu za asidi: omeprazoli, esomeprazoli, lansoprazoli, pantoprazoli na rabeprazoli. Kuna pia vonoprazani, iliyo mpya zaidi na yenye nguvu. Njia rahisi ya kuzitambua ni kutafuta herufi "praz" kwenye jina la dawa ya asidi, si jina la kibiashara lililoandikwa kwa maandishi makubwa, bali lile dogo linaloeleza kilichomo.

Dawa hizi hazimwui pailori kiasi cha kumponya mgonjwa, lakini humdhoofisha kwa njia zaidi ya moja.

Ya kwanza inahusu yurea yenyewe. Kwenye utando wa bakteria kuna mlango mdogo wa kupitisha yurea, na mlango huo hufunguka pale tu mazingira ya nje yanapokuwa na asidi. Asidi ikipungua sana, mlango hufungwa, kwa sababu bakteria hana tena haja ya kutengeneza amonia ya kujikinga. Sasa mpe mgonjwa huyo yurea yenye alama: bakteria yupo hai, yureasi anayo, lakini yurea haiingii ndani. Hewa inatoka bila alama, na mashine inaandika hasi.

Ya pili ni idadi. Dawa hizi hukandamiza ukuaji wa pailori, hivyo bakteria hupungua, hasa sehemu ya chini ya tumbo. Wanaosalia huwa wengi zaidi sehemu ya juu. Bakteria wakipungua, antijeni zinazofika kwenye choo nazo hupungua. Ndiyo maana kipimo cha choo nacho huharibika, ingawa hakitegemei yurea hata kidogo. Wapo wanaodhani kwamba wakichagua choo badala ya pumzi wanaweza kuendelea na dawa. Sivyo.

Habari njema ni kwamba uharibifu huu huisha. Katika utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 1998, watu waliokuwa na pailori walipewa lansoprazoli kwa siku 28, na theluthi moja wakageuka hasi kwenye kipimo cha pumzi. Dawa ilipoachwa, baada ya siku 3 asilimia 91 ya washiriki wote walikuwa chanya. Baada ya siku 7 ilikuwa asilimia 97, na baada ya siku 14 wote. Hapo ndipo kanuni ya wiki 2 inapopata nguvu. Ukisahau na kuacha kwa wiki moja tu, uwezekano wa kudanganywa ni mdogo lakini bado upo. Ukiacha kwa siku moja, hujafanya chochote.

Kuna jambo moja zaidi ambalo wagonjwa hawaambiwi mara nyingi. Makosa ya dawa hizi huelekea upande mmoja. Hufanya aliye na bakteria aonekane hana, ila hazitarajiwi kumfanya asiye naye aonekane anaye. Kwa hiyo ukipimwa ukiwa unatumia omeprazoli na jibu likawa chanya, kwa kawaida jibu hilo linaaminika, huna haja ya kurudia. Likiwa hasi, lirudie.

Hatua ya 1: Orodhesha kila ulichomeza mwezi uliopita

Kusanya maboksi, karatasi za vidonge na chupa zote, uziweke mezani. Usitegemee kumbukumbu. Unatafuta makundi manne.

Kundi la kwanza ni hizo dawa za "praz". Angalia pia dawa za maumivu ya viungo, kwa sababu baadhi hutengenezwa zikiwa zimechanganywa na esomeprazoli au omeprazoli ndani ya kidonge kimoja ili kulinda tumbo. Mgonjwa anasema kwa moyo safi kwamba ameacha dawa za tumbo, kumbe anaimeza kila asubuhi ndani ya dawa ya goti.

Kundi la pili ni antibayotiki yoyote, kwa ugonjwa wowote. Jino, njia ya mkojo, koo, kidonda cha mguu: bakteria wa tumboni hajali dawa iliandikwa kwa ajili ya nini. Metronidazoli ya kuhara nayo imo.

Kundi la tatu ni dawa zenye bismathi, ambazo huwa zinafanya choo kiwe cheusi. Bismathi humshambulia pailori moja kwa moja.

Kundi la nne ni dawa nyepesi zaidi za asidi: famotidini na jamaa zake, pamoja na zile za kutafuna au za maji zenye magnesiamu, alumini au kalisi.

Hatua ya 2: Hesabu siku kurudi nyuma kutoka siku ya kipimo

Dawa za "praz" huachwa siku 14 kamili kabla. Antibayotiki na bismathi huachwa wiki 4 kabla. Famotidini huachwa siku 2 kabla, na zile za kutafuna au za maji huachwa siku 1 kabla. Maabara nyingine huwa na muda wao kwa haya makundi mawili ya mwisho. Wakikuambia muda mrefu zaidi, fuata wao.

Kama umetibiwa pailori, wiki 4 huhesabiwa tangu siku ya mwisho ya antibayotiki za matibabu. Kabla ya hapo bakteria waliosalia wanaweza kuwa wachache mno wasionekane. Ningekushauri usikazanie siku ya kwanza inayoruhusiwa. Wiki 6 au 8 hazikudhuru kitu, na zinakupa nafasi ya kurekebisha ratiba kama kuna dawa iliyokupitia.

Tuchukue mfano. Mwanamke wa miaka 46 alimaliza antibayotiki za pailori tarehe 3 Machi. Aliambiwa arudi kupimwa baada ya mwezi, akapewa tarehe 2 Aprili. Kiungulia hakikumwachia, hivyo akaendelea na omeprazoli kila asubuhi. Tarehe 20 Machi jino lilimvimba, akapewa amoksilini ya siku 5, akaimaliza tarehe 24. Tarehe 2 Aprili alipima choo, jibu likawa hasi.

Jibu hilo lina kasoro mbili. Omeprazoli alikuwa anaimeza hadi asubuhi ile, na amoksilini ilikuwa na siku 9 tu tangu iishe. Kwamba wiki 4 za matibabu zilikuwa zimetimia hakusaidii kitu, maana saa ya antibayotiki ilianza upya na jino.

Ratiba yake sahihi huanzia kwenye dawa iliyochelewa zaidi kuisha. Amoksilini iliisha tarehe 24 Machi; ukiongeza siku 28 unafika tarehe 21 Aprili. Hiyo ndiyo siku ya mapema kabisa ya kupima tena. Kutoka hapo arudi nyuma: anahitaji siku 14 nzima bila omeprazoli, yaani kuanzia tarehe 7 hadi 20 Aprili, kwa hiyo kidonge chake cha mwisho ni cha tarehe 6. Famotidini anaweza kutumia hadi tarehe 18. Dawa ya maji ya kiungulia anaweza kunywa hadi tarehe 19. Akifuata hivyo, jibu la tarehe 21 analiamini, liwe chanya au hasi.

Andika tarehe zako namna hiyo kwenye karatasi moja na uende nayo maabara.

Hatua ya 3: Vuka wiki mbili bila dawa

Hapa ndipo wengi hushindwa, na wana sababu. Pampu za asidi zikifungwa kwa wiki nyingi, mwili huongeza homoni iitwayo gastrini ili kulisukuma tumbo litoe asidi zaidi. Ukiacha dawa ghafla, pampu zinafunguka huku gastrini bado iko juu, na asidi inatoka kwa wingi kuliko hata kabla hujaanza tiba. Kiungulia kinakuwa kikali kwa siku kadhaa, wakati mwingine kwa wiki kadhaa. Hali hiyo si ushahidi kwamba bakteria amerudi. Ni tumbo linalozoea kukaa bila dawa.

Zungumza na aliyekuandikia dawa kabla hujaacha, ili akupe mbadala kwa kipindi hiki. Kwa kawaida ni famotidini usiku, na dawa ya maji au ya kutafuna kiungulia kinapopanda, zote zikisimama kwa tarehe zilizotajwa. Kumaliza kula cha jioni muda wa saa 3 au zaidi kabla ya kulala, na kuinua upande wa kichwa wa kitanda, husaidia wale ambao asidi huwapanda usiku.

Wapo wasiotakiwa kuacha bila daktari kuamua. Kama kidonda chako kiliwahi kutoa damu, au unatumia aspirini, dawa za kuzuia damu kuganda, au dawa za maumivu kila siku, omeprazoli inaweza kuwa ndiyo inayokulinda usitokwe damu. Jibu la maabara halina thamani ya kukuingiza kwenye hatari hiyo. Daktari anaweza kuamua upime ukiwa kwenye dawa: likiwa chanya, mnatibu, likiwa hasi, mnalichukulia kuwa halijathibitishwa na mnatafuta njia nyingine, kama kuchukua vinyama vya tumbo kwa kamera kutoka sehemu ya chini na ya juu pia. Na yeyote ambaye katika wiki hizi anatapika damu au anapata choo cheusi kama lami aache habari ya kipimo na aende hospitali mara moja.

Hatua ya 4: Siku ya kipimo cha pumzi

Usile wala kunywa kwa saa 6 kabla, isipokuwa maabara yako imekuambia vingine. Ndiyo maana miadi ya asubuhi ni rahisi. Usivute sigara na usitafune ubani. Anayetumia insulini aombe nafasi ya kwanza kabisa na aulize mapema afanye nini na dozi yake ya asubuhi, kwa sababu kufunga kunaweza kushusha sukari.

Uliza pia wanatumia kaboni ipi. Kaboni 13 haina mionzi, hivyo inafaa watoto na wajawazito. Kaboni 14 ina mionzi kidogo sana, haina shida kwa mtu mzima wa kawaida, lakini wajawazito na watoto hawapewi. Kama kuna uwezekano wowote kwamba una mimba, sema kabla hujameza.

Kwa kaboni 13, kwanza unapuliza kwenye mfuko au chupa ndogo. Hii ni sampuli ya msingi, kwa sababu kila mtu ana kaboni 13 kidogo kwenye pumzi yake. Kisha unakunywa au kumeza yurea, mara nyingi pamoja na kinywaji chenye asidi ya sitriki. Kinywaji hicho huchelewesha tumbo kumwaga yurea kwenda kwenye utumbo, na hurudisha asidi inayoufungua ule mlango wa bakteria. Unakaa umetulia, na baada ya dakika 30 hivi unapuliza tena. Kwa kidonge cha kaboni 14 kusubiri ni kufupi, dakika 10 hadi 15 mara nyingi.

Makosa ya chumbani ni madogo lakini yana uzito. Kinywani kuna bakteria wengine wenye yureasi, kwa hiyo ukitafuna kidonge au ukiishikilia yurea mdomoni, hewa yenye alama inatoka bila kuhusiana na tumbo, na jibu linaweza kuwa chanya ya uongo. Meza haraka, na ukiambiwa sukutua mdomo, sukutua. Usitembeetembee wala kupanda ngazi wakati wa kusubiri, kwa sababu misuli inayofanya kazi hutoa kabonidioksaidi nyingi isiyo na alama na kuipunguza ile inayotafutwa. Unapopuliza, pumzi inayohitajika ni ile ya mwisho, kutoka ndani ya mapafu. Vuta hewa, ishike kwa sekunde chache kama utakavyoelekezwa, kisha puliza polepole hadi mwisho.

Matokeo ya kaboni 13 huandikwa kama tofauti kati ya pumzi ya pili na ya kwanza. Maabara nyingi huweka mpaka kwenye 4 kwa elfu, ingawa kila aina ya kipimo ina mpaka wake ulioandikwa kwenye karatasi ya majibu. Usiridhike na neno "hasi" peke yake, omba namba. Aliyepata 0.5 na aliyepata 3.6 wote wataandikiwa hasi, lakini wa pili, hasa kama alikuwa na dawa ya asidi wiki iliyopita, anatakiwa kurudia.

Hatua ya 5: Sampuli ya choo

Kwa choo hakuna kufunga. Unakula kama kawaida. Kinachohitajika ni chombo safi na kikavu, na sampuli isiyochanganyika na mkojo, maji ya chooni wala dawa ya kusafishia. Kiasi cha punje kubwa ya haragwe kinatosha. Kama unahara choo cha maji, ahirisha ikiwezekana, kwa sababu antijeni huchanganyika na maji mengi na kipimo hupungua uwezo.

Peleka siku hiyohiyo. Ikishindikana, weka kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, ndani ya chombo kilichofungwa. Kwa vipimo vingi sampuli hukaa hivyo hadi saa 72. Iliyoachwa kwenye joto siku nzima isipelekwe, toa nyingine.

Uliza kinachotumika ni kipimo gani. Maabara kubwa husoma kwa mashine. Nyingine hutumia kijikasha cha haraka chenye mistari miwili: mmoja wa kuhakiki kwamba kijikasha kinafanya kazi, mwingine wa bakteria. Mstari wa kuhakiki usipojitokeza, hakuna jibu lolote pale, hata kama wa bakteria umeonekana. Kijikasha husomwa ndani ya dakika zilizoandikwa na mtengenezaji, mara nyingi 10 hadi 15; kikiachwa mezani kwa saa nzima kinaweza kuchora kivuli kisicho na maana. Mstari hafifu uliotokea ndani ya muda kwa kawaida huhesabiwa chanya. Lakini kwa mtu aliyekwisha kutibiwa, mimi ningetaka mstari hafifu uthibitishwe kwa kipimo cha pumzi au cha mashine kabla hajaanzishiwa antibayotiki tena, kwa sababu dozi ya pili huwa ngumu zaidi kuichagua na kuivumilia.

Kama umeteleza

Umekumbuka asubuhi ya kipimo kwamba juzi ulimeza kidonge kimoja cha omeprazoli? Sema ukifika mapokezi. Kuahirisha kwa wiki 2 ni bora kuliko kupoteza kipimo. Kama ulikwisha kupima ndipo ukagundua, soma jibu kwa ile kanuni ya upande mmoja: chanya ichukue, hasi irudie baada ya siku 14 safi. Ukipata antibayotiki katikati ya kusubiri, saa ya wiki 4 inaanza upya siku unayomeza dozi yake ya mwisho.

Na ukipewa jibu, mwombe anayeliandika aongeze mstari mmoja kwenye faili: tarehe ya mwisho ya dawa ya asidi na tarehe ya mwisho ya antibayotiki. Daktari atakayeisoma mwaka ujao hatakuwa na njia nyingine ya kujua kama hasi ile ilikuwa ya kweli.